Kusoma uchambuzi wa maswali ya kuchagua jibu: dalili, visababishi na marekebisho

Mwongozo huu unamhusu mwalimu au mratibu wa mitihani ambaye ameshasahihisha jaribio la maswali ya kuchagua, amepata takwimu za kila swali, na sasa anajiuliza ni swali lipi lilikuwa rahisi mno, lipi gumu kupita kiasi na lipi liliwapotosha watahiniwa. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme shule tatu za kata moja zimefanya jaribio la pamoja la Sayansi la darasa la saba, lenye watahiniwa 120 na maswali 40, kila swali likiwa na machaguo manne, A hadi D. Takwimu zake nimezitunga, lakini maumbo yake ni yaleyale yanayojitokeza kila mara walimu wanapoleta matokeo yao yachambuliwe.

Namba mbili na jedwali moja

Namba ya kwanza ni kiwango cha urahisi, kinachoandikwa *p*, yaani sehemu ya watahiniwa wote waliopata swali. Swali lililopatwa na 90 kati ya 120 lina *p* ya 0.75. Katika swali la machaguo manne, anayebahatisha tu ana nafasi ya 0.25, kwa hiyo *p* husomwa kuanzia hapo wala si kuanzia sifuri.

Namba ya pili, *D*, huonyesha kama swali linawatenganisha wanaojua na wasiojua. Watahiniwa hupangwa kwa jumla ya alama zao, kisha huchukuliwa asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, mgawanyo uliopendekezwa na Truman Kelley mwaka 1939. Katika watahiniwa 120, kila kundi linakuwa na watu 32. Idadi ya waliopata katika kundi la juu hutolewa idadi ya waliopata katika kundi la chini, na tofauti hiyo hugawanywa kwa 32. Kwa viwango vya Robert Ebel ambavyo hutumika sana, 0.40 na kuendelea ni swali zuri sana, 0.30 hadi 0.39 linafaa, 0.20 hadi 0.29 linahitaji kurekebishwa, na chini ya hapo ni swali dhaifu.

Jedwali linaonyesha ni wangapi katika kila kundi waliochagua A, B, C na D. Walimu wengi hulipita haraka ili wafike kwenye *p* na *D*, ilhali jedwali ndilo linaloeleza kwa nini namba hizo zimekuwa zilivyo. Namba mbili zinakuambia swali lipi liangaliwe, na jedwali linakuambia swali hilo lina nini.

Ukitumia lahajedwali, weka majina safu ya A, majibu safu B hadi AO, majibu sahihi mstari wa 2, na watahiniwa mstari wa 3 hadi 122. Fomula ya kwanza hapa chini ni ya jumla ya alama na huandikwa AP3 kisha kunakiliwa hadi AP122. Ya pili ni *p* ya swali la 17, lililo safu ya R. Ya tatu ni *D* ya swali hilohilo baada ya kupanga watahiniwa kutoka alama ya juu kwenda ya chini.

```
=SUMPRODUCT(--(B3:AO3=$B$2:$AO$2))
=COUNTIF(R3:R122,R2)/120
=(COUNTIF(R3:R34,R2)-COUNTIF(R91:R122,R2))/32
```

Anayetumia Moodle atakuta `Facility index`, ambayo ni *p* kwa asilimia, na `Discrimination index`. Hiyo ya pili isilinganishwe moja kwa moja na *D* ya hapa, kwa kuwa Moodle hukokotoa uhusiano kati ya alama za swali na alama za maswali mengine yote, haitumii makundi mawili.

Dalili: karibu maswali yote yana *D* ya chini

Dalili hii naiweka mbele kwa sababu ikiwepo, hakuna nyingine yoyote inayoweza kusomwa. Maswali 40 hayawezi kuharibika yote kwa pamoja, kwa hiyo tafuta hitilafu kwenye data kwanza.

Kisababishi cha kawaida ni kupanga watahiniwa vibaya. Mtu huchagua safu ya jumla peke yake na kuipanga, mistari ya majibu ikabaki mahali pake, na kundi la juu likawa mkusanyiko wa watu wowote. Hatua ya kukagua ni rahisi: tazama kama alama za safu ya AP zinashuka kutoka juu hadi chini, kisha chukua karatasi ya mtahiniwa mmoja wa mstari wa juu, hesabu alama zake kwa mkono, na uone kama zinalingana na zilizo kwenye lahajedwali. Unapopanga, chagua mistari yote kuanzia A hadi AP, na uache mstari wa 2 nje.

Kinachofuata ni majibu yaliyosogea nafasi moja wakati wa kuingizwa. Mtahiniwa aliruka swali la 6, mwingizaji naye hakuacha nafasi tupu, na kuanzia hapo kila jibu likahesabiwa kwa swali lisilo lake. Ikiwa *D* ni nzuri mwanzoni kisha inaporomoka kuanzia swali fulani, kagua karatasi zenye nafasi zilizoachwa wazi. Ikiwa jaribio lilikuwa na matoleo mawili yenye mpangilio tofauti wa maswali, hakikisha kila toleo limesahihishwa kwa majibu yake.

Data ikiwa safi na *D* bado ni ndogo kote, huenda watahiniwa wenyewe wanakaribiana mno kwa uwezo, au majibu yamevuja. Ukishuku kuvuja kwa majibu, acha uchambuzi hapo na umkabidhi mkuu wa shule au ofisi ya elimu jambo hilo pamoja na karatasi zote kama zilivyo, kwa kuwa takwimu peke yake hazimthibitishii mtu yeyote udanganyifu.

Dalili: walio juu wamekosa, walio chini wamepata

Hapa *D* ni hasi, na hii ndiyo dalili inayostahili muda mwingi kuliko zote, kwa sababu swali la namna hii linamwadhibu anayejua.

Kisababishi cha kwanza, na cha kawaida kuliko vingine, ni mwongozo wa usahihishaji uliokosewa. Tazama swali la 9, ambalo mwongozo unasema jibu lake ni B:

| Kundi | A | B | C | D |
|---|---|---|---|---|
| La juu | 2 | 2 | 27 | 1 |
| La chini | 7 | 8 | 11 | 6 |

*D* yake ni (2 − 8) ÷ 32, sawa na −0.19. Hata hivyo, watahiniwa 27 kati ya 32 walio bora hawakubaliani kwa bahati. Wamekusanyika kwenye chaguo moja, huku kundi la chini likitawanyika jinsi wanaobahatisha wanavyotawanyika. Soma swali upya bila kutazama mwongozo, ulijibu mwenyewe, kisha umpe mwalimu mwingine wa somo hilo alijibu. Mkikubaliana kuwa jibu ni C, rekebisha mstari wa 2, na *D* inakuwa (27 − 11) ÷ 32, yaani 0.50. Swali lililoonekana bovu limekuwa miongoni mwa mazuri bila neno lake hata moja kubadilishwa. Kisha sahihisha upya alama za wote na uwapange upya, maana baadhi yao watavuka mpaka wa makundi na *D* za maswali mengine zitabadilika kidogo.

Angalizo moja ni lazima: mkusanyiko wa kundi la juu ni sababu ya kukagua mwongozo, si ruhusa ya kuubadilisha. Kama walimu wa somo wanathibitisha kuwa B ndiyo sahihi, basi wanafunzi bora wameshika dhana isiyo sahihi kwa pamoja, na pengine ndivyo walivyofundishwa.

Kisababishi cha pili ni swali lenye majibu mawili yanayoweza kutetewa. Swali la 17 liliuliza: "Ni gesi ipi inayotumiwa na mmea wa kijani wakati wa mchana?" Machaguo yalikuwa A oksijeni, B kabonidayoksaidi, C naitrojeni na D haidrojeni, na mwongozo ukasema B.

| Kundi | A | B | C | D |
|---|---|---|---|---|
| La juu | 15 | 12 | 3 | 2 |
| La kati | 18 | 27 | 7 | 4 |
| La chini | 6 | 16 | 6 | 4 |

Waliopata ni 55 kati ya 120, kwa hiyo *p* ni 0.46, namba isiyomshtua yeyote. Anayesoma *p* pekee angeliweka swali hili kwenye hazina yake na kulitumia tena mwakani. *D*, hata hivyo, ni (12 − 16) ÷ 32, karibu −0.13, na jedwali linaonyesha kundi la juu limegawanyika kati ya A na B badala ya kukusanyika pamoja kama katika swali la 9. Mgawanyiko wa namna hiyo huashiria machaguo mawili yanayoshindana kwa haki. Ukilisoma swali tena, utaona sababu: mmea hutumia kabonidayoksaidi katika usanisinuru, lakini hupumua mchana na usiku, na katika kupumua hutumia oksijeni. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mmea mchana huchukua kabonidayoksaidi amepata. Aliyeelewa kwamba upumuaji haukomi jua linapochomoza akasimama, akapima, na nusu ya waliofanya hivyo wakakosa.

Marekebisho ya swali ni mepesi: "Ni gesi ipi inayotumiwa na mmea wa kijani kutengeneza chakula?" Kazi ngumu ni alama zilizokwisha kutolewa. Njia moja ni kukubali A na B. Waliopata wanafika 94, *p* inakuwa 0.78, na *D* inapanda hadi (27 − 22) ÷ 32, takriban 0.16. Bado ni swali dhaifu, kwa kuwa anayebahatisha sasa ana nafasi ya nusu kwa nusu, lakini hakuna aliyenyang'anywa haki. Njia nyingine ni kuliondoa na kusahihisha jaribio kwa alama 39, ambayo inawanyima wote 94 alama moja. Mimi hupendelea njia ya kwanza pale ambapo chaguo la pili linatetewa kisayansi, na ya pili pale ambapo swali halina jibu sahihi kabisa.

Kisababishi cha tatu ni maneno ya kukanusha yaliyojificha, kama "Kipi kati ya vifuatavyo SI..." yasiyokolezwa au yaliyowekwa katikati ya sentensi ndefu. Wanaosoma kwa kasi, na mara nyingi hao ndio wanaojua, huliruka neno hilo na kuchagua chaguo la kwanza lililo kweli. Likiwa lazima, neno hilo lipigiwe mstari. Mara nyingi si lazima.

Kabla ya kufuta swali lolote kwa sababu ya alama ya kutoa, kumbuka ukubwa wa makundi. Kwa watu 32 kila upande, *D* inaweza kuyumba kwa bahati tu hadi takriban 0.25 juu au chini ya thamani yake ya kweli. Hii ina maana kwamba ile −0.13 ya swali la 17, ikisimama peke yake, haithibitishi chochote. Kilicholihukumu swali ni −0.13 pamoja na A iliyowavuta 15 wa juu dhidi ya 6 wa chini, na pamoja na sababu ya kisayansi inayosomeka ndani ya swali lenyewe. Katika darasa la watu 40 hali ni tete zaidi: kila kundi lina watu 11, na mtahiniwa mmoja tu anayebadilisha jibu anaisogeza *D* kwa 0.09. Hapo mimi husoma jedwali na kuiacha *D* kando.

Dalili: karibu wote wamepata

*P* ya 0.90 na zaidi huambatana na *D* ndogo, na hilo si kosa la hesabu. Wakipata wote, hakuna wa kutenganishwa.

Kisababishi cha kawaida ni kwamba mada imefundishwa ikaeleweka. Katika jaribio la kupima umahiri wa mada, swali la namna hiyo libaki. Katika mtihani wa kuwapanga watahiniwa, mawili au matatu mwanzoni yanatosha kuwatuliza.

Kisababishi cha pili ni swali linalojijibu, na Kiswahili kina mitego yake hapa. Chukua swali hili: "Chombo kinachotumika kupima joto huitwa", na machaguo kipimajoto, mizani, rula na saa. Asiyewahi kukiona chombo hicho atapata, kwa sababu jibu limeundwa kwa maneno yaliyomo kwenye swali. Upatanisho wa ngeli nao hutoa siri: shina, yaani maneno ya swali yanayotangulia machaguo, likisema "kinachotumika" na chaguo moja tu likawa la ngeli ya KI-VI, mengine matatu yameshajiondoa yenyewe. Kagua pia kama jibu sahihi ndilo refu kuliko yote, au kama swali jingine kwenye karatasi hiyohiyo linalitaja. Badilisha shina, kwa mfano kwa kuonyesha mchoro wa chombo na kuuliza kinapima nini.

Cha tatu ni vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, visivyomvuta mtu. Kipotoshi kinachochaguliwa na chini ya asilimia 5, yaani chini ya watu 6 kati ya 120, hakifanyi kazi. Vikiwa hivyo viwili, swali la machaguo manne limegeuka kuwa la machaguo mawili. Vipotoshi vizuri hupatikana kwenye madaftari ya wanafunzi, katika makosa wanayoyafanya wenyewe.

Dalili: wachache sana wamepata

*P* ikikaribia 0.25, tazama kundi la juu limefanya nini. Likiwa limetawanyika sawasawa, mathalani 8, 9, 8 na 7, watahiniwa wote wanabahatisha. Kisababishi cha kwanza ni mada isiyofundishwa. Kagua kwa kutenganisha majibu ya kila shule, na shule ambayo haijafika mada hiyo itajitokeza. Swali lenyewe huenda halina tatizo, ila halikustahili kuwamo katika jaribio la pamoja. Likiwa karibu na mwisho wa karatasi na wengi wameliacha wazi, tatizo ni muda.

*P* ikishuka chini ya 0.25, huenda kubahatisha hakutoshi kueleza. Tafuta kama kuna kitu kinachowavuta watu mbali na jibu. Swali la 28 liliuliza kinachosababisha usiku na mchana. Waliopata walikuwa 11 wa kundi la juu, 12 wa kati na 3 wa chini, jumla 26, sawa na *p* ya 0.22. Chaguo la "Dunia kulizunguka Jua" liliwachukua 17 wa kundi la juu na 12 wa chini. Lakini *D* ni (11 − 3) ÷ 32, yaani 0.25, na ni chanya. Jibu la mwongozo, kwamba Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, ni sahihi, na shina halina utata. Swali hili lisifutwe, kwa kuwa limefichua kwamba wanafunzi wanachanganya mizunguko miwili ya Dunia. Linarudi kwa mwalimu wa darasa, halirudi kwa mtunzi.

Vigezo vya kulifuta swali gumu ni viwili kwa pamoja: *D* iliyo sifuri au hasi, na kasoro unayoweza kuionyesha kwa kidole kwenye maandishi yake.

Dalili: *p* ni ya wastani lakini *D* iko karibu na sifuri

Mara nyingi hapa pana chaguo la pili lililo karibu na ukweli, kama katika swali la 17 kabla halijafikia uhasi. Kisababishi kingine ni swali linalopima kitu tofauti na jaribio zima, kwa mfano swali la Sayansi lenye maelezo ya aya nzima, ambalo hupatwa na msomaji mwepesi hata kama Sayansi haijui. Lifupishe shina hadi libaki na taarifa zinazohitajika kujibu tu. Na ikiwa jaribio lina maswali 10 pekee, kumbuka kwamba kila swali linachangia sehemu kubwa ya jumla inayotumika kupanga makundi, kwa hiyo *D* zote huonekana nzuri kuliko zilivyo. *D* ya 0.30 katika jaribio fupi hivyo haina uzito wa ile ya maswali 40.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Usibadilishe alama peke yako pale ambapo matokeo yameshatangazwa, au pale ambapo alama moja inaamua nani anachaguliwa na nani anaachwa. Funga data ya awali, andika kasoro uliyoiona pamoja na jedwali lake, na uipeleke kwa jopo la walimu wa somo na ofisi inayosimamia mtihani.

Mwite mtaalamu wa upimaji pia ukiona wasichana na wavulana, au wanafunzi wa shule mbili, walio na jumla sawa ya alama wanatofautiana sana kwenye swali moja. Huo unaweza kuwa upendeleo wa swali, na hautambuliki kwa *p* na *D*. Vivyo hivyo ukitaka kulinganisha ugumu wa mtihani wa mwaka huu na wa mwaka jana: *p* mbili zilizotoka kwa watahiniwa tofauti hazilinganishwi moja kwa moja, kwa sababu hujui kama ni swali lililobadilika au ni darasa. Mpelekee majibu yote, herufi kwa herufi. Faili lenye 1 na 0 pekee halitamwonyesha ni kipotoshi kipi kilichowavuta watu.